Pampu ya petroli inawaka lakini haivuti maji: maswali ya wakulima wa Arusha na Moshi

Maswali haya huja zaidi kuanzia Agosti hadi mvua za vuli zianze, wakati mito imepungua na vitunguu au nyanya shambani haziwezi kusubiri. Ninatengeneza pampu hapa Moshi, za inchi 2 na inchi 3 zenye injini ya petroli, na nimeyapanga kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe ninapoitwa shambani. Ukiufuata, mara nyingi utaikuta shida kabla hujafungua bolti hata moja ya pampu.

Injini inanguruma vizuri kabisa, ila maji hayaji. Nianzie wapi?

Anza kwa kuzima. Pampu inayozunguka bila maji inajiumiza kila dakika, kwa sababu sili iliyo kati ya pampu na injini hupozwa na maji yale yale inayoyazuia. Ikizunguka kavu inapata moto, uso wake unaungua, na baada ya hapo una tatizo la pili juu ya lile la kwanza.

Kisha jiulize: tumbo la pampu lina maji? Pampu hizi huitwa za kujivutia zenyewe, na wengi huelewa kwamba ukiwasha tu zitavuta. Sivyo. Impela, lile gurudumu lenye mabawa linalozunguka ndani ya pampu, haiwezi kuvuta hewa tupu. Inahitaji maji tumboni ili iyachanganye na hewa ya kwenye mpira, iisukume hewa hiyo nje kidogo kidogo, hadi maji ya mto yapande kuchukua nafasi yake.

Naijazaje vizuri?

Fungua kifuniko cha kujazia maji juu ya pampu, mimina maji safi polepole mpaka yafike mdomoni na mapovu yaishe, kisha tikisa pampu kidogo na uongeze. Ukimimina kwa haraka hewa hubaki kwenye kona za ndani na unadhani imejaa. Angalia pia kizibo cha chini cha kumwagia maji, maana wengine hukifungua wakati wa kuhifadhi pampu na kusahau kukirudisha na washa yake. Funga kifuniko cha juu kwa mkono hadi kikaze, na hakikisha mpira wake wa kuzuia hewa upo.

Washa, kisha peleka mafuta hadi mwisho. Watu wengi hujaribu kuvuta maji injini ikiwa taratibu ili kuokoa petroli, na hapo pampu haitoi nguvu ya kutosha kuondoa hewa. Ukiwa na mpira wa mita 6 hadi 8, mzima, maji yanapaswa kuonekana ndani ya dakika moja au mbili. Dakika tatu zikipita bila kitu, zima. Kuendelea kusubiri hakutasaidia.

Kama pampu imeshapata moto, usifungue kifuniko mara moja, kwa sababu maji ya ndani huwa yamechemka na yanaweza kukurukia usoni. Usimwagie maji baridi pia. Iache ipoe yenyewe.

Nimejaza, nimepeleka mafuta hadi mwisho, bado. Nitajuaje kama shida ni mpira au pampu?

Hapa ndipo ninapowaomba watu wasikimbilie spana. Kipimo hiki ni cha dakika mbili na kinaigawa shida nzima katikati.

Zima injini. Ondoa mpira wa kunyonya kwenye pampu na uache mdomo wake wazi. Jaza maji tumboni. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli au ya pikipiki chenye upana wa kufunika mdomo wote, kikunjue kiwe bapa, na kama ni chembamba kiweke viwili. Washa, peleka mafuta juu, kisha weka tyubu juu ya mdomo wa kunyonyea. Usitumie kiganja kitupu, kwa kuwa pampu ya inchi 3 nzima inavuta ngozi kwa nguvu ya kuumiza.

Pampu ikiwa nzima, baada ya muda mfupi tyubu itang'ang'ania mdomoni na kuingia ndani kidogo kama kisahani. Ukijaribu kuing'oa utasikia upinzani. Hapo acha pampu kabisa. Ugonjwa uko kwenye mpira, viungo vyake, futi valvu, yaani valvu ya ncha ya chini ya mpira inayozuia maji yasirudi mtoni, au kimo cha wima kutoka usawa wa maji hadi pampu. Tyubu ikibaki imelala tu, au ikishikwa kidogo na kuachiwa, basi hewa inaingia ndani ya pampu yenyewe au impela haifanyi kazi.

Usizidishe nusu dakika katika kipimo hiki.

Pampu inavuta tyubu vizuri, lakini mpira hauvuji hata tone. Hewa inaingilia wapi?

Swali hili linastahili nafasi, maana ndilo linalowapotezea watu siku nzima.

Mpira wa kutolea ukitoboka, maji yanaruka nje na kila mtu anaona. Mpira wa kunyonya ni kinyume: ndani yake shinikizo ni dogo kuliko nje, kwa hiyo tundu halitoi maji, linaingiza hewa. Hutaona kitu. Tundu la ukubwa wa msumari mwembamba, likiwa juu ya usawa wa maji, linatosha kuizuia pampu isivute kabisa, kwa sababu hewa inayoingia ni sawa na ile inayotolewa. Likiwa dogo zaidi, maji yatakuja lakini yatatoka yakitema mate, meupe kwa mapovu, na pampu itaachia ghafla ukiongeza kimo.

Ili ulione tundu, geuza hali: weka maji ndani badala ya hewa. Kama una futi valvu nzima, acha ncha yake chini, nyanyua ncha ya juu ya mpira iwe juu kuliko sehemu nyingine zote, na ujaze maji. Kama huna futi valvu, ziba ncha ya chini kwa kizibo au ukunje tyubu mara kadhaa na kuikaza kwa klipu. Mpira wa inchi 3 wenye urefu wa mita 8 unabeba karibu lita 35, yaani ndoo mbili za lita 20 zisizojaa sana; wa inchi 2 wa urefu huo ni kama lita 16. Ukisha kujaa, kausha nje kwa kitambaa na tembea taratibu ukitazama. Sasa palipokuwa pakiingiza hewa patatoa jasho au tone.

Tazama zaidi kwenye viungo. Kwa uzoefu wangu mpira wenyewe ni wa pili. Wa kwanza ni pale unapoungana na pampu. Ile washa nyeusi ndani ya nati kubwa ya kiungo hudondoka mpira unapofunguliwa kando ya mto, na mtu huikaza nati kwa nguvu bila kujua washa imebaki kwenye matope. Nyuzi za kiungo zifungwe kwa tepu nyeupe ya bomba, mizunguko mitano au sita kufuata upande wa kukazia. Kwenye kichwa cha mpira weka klipu mbili na si moja, skrubu zake zikielekeana pande tofauti, kwa kuwa klipu huacha nafasi ndogo chini ya skrubu yake.

Mpira uliokauka kwa jua una nyufa nyembamba kati ya mizunguko ya uzi wake mgumu. Ukunje na uangalie. Kuna ugonjwa mwingine wa mipira ya zamani: tabaka la ndani hubanduka, na pampu inapovuta, tabaka hilo hulala na kuziba njia. Nje mpira unaonekana mzima na ukiujaza maji hauvuji. Ukishuku hivyo, tazama ndani ukielekeza ncha moja kwenye jua.

Na tafadhali, usitumie mpira bapa wa kutolea upande wa kunyonya. Utajifunga wenyewe mara tu pampu inapoanza kuvuta.

Futi valvu ni lazima?

Kwa pampu hizi za kujivutia, hapana. Chujio peke yake linatosha, mradi pampu ina ulimi wake wa mpira ndani ya mdomo wa kunyonyea. Lakini futi valvu nzima inakupunguzia kazi, kwa kuwa maji yanabaki kwenye mpira unapozima kujaza petroli, na ukiwasha tena yanakuja mara moja. Pale ambapo kimo ni kikubwa, mimi huipenda.

Ikiwa mbovu, dalili ni hii: asubuhi pampu inahitaji kujazwa, inavuta, unazima kwa muda mfupi, unarudi unakuta mpira ni mtupu. Ijaribu kwa kuitoa, kuishika wima, na kujaza maji juu ya ulimi wake. Maji yakishuka unayatazama, haishiki. Mara nyingi si kwamba imekufa. Ni kijiti au chembe ya mchanga iliyokaa chini ya ulimi. Osha, pitisha kidole kwenye kingo unapokaa ulimi, na kama ngozi au mpira wake umejikunja, badilisha. Spring yake ikiwa imeota kutu na kukaza, futi valvu haifunguki vizuri na inakunyima maji hata kama haivuji.

Chujio lisikae kwenye tope wala karibu na uso wa maji. Ukiona kimbunga kidogo kinazunguka juu ya maji mahali lilipo, hewa inaingia hapo. Literemshe angalau sentimita 30 chini ya uso, na ulitundike kwa kamba au kuliweka ndani ya kikapu ili lisiguse mchanga.

Mwezi wa sita ilivuta bila shida mahali hapo hapo. Sasa Oktoba imegoma. Imechoka?

Inawezekana, lakini kwanza pima kimo. Nitaeleza kwa kisa cha mama mmoja mwenye vitunguu ukingoni mwa Kikuletwa, tambarare ya chini ya Moshi, maana kilikuwa na mambo kadhaa kwa pamoja.

Alipiga simu akasema, "Fundi, pampu inawaka vizuri, nimebadilisha plagi, nimebadilisha oili, na bado haivuti." Nilimjibu, "Mama, injini haina kosa. Usinunue kitu kingine, nakuja."

Pampu ilikuwa ya inchi 3. Ilikaa juu ya ukingo, mahali ilipokaa tangu masika yaishe. Nilipima kwa kamba yenye jiwe, wima kutoka mdomo wa pampu hadi usawa wa maji, wala si kufuata mteremko. Ilikuwa mita 5. Kwa alama ya maji iliyobaki ukingoni, wakati wa Juni ilikuwa kama mita 3 na nusu. Mto ulikuwa umeshuka mita moja na nusu, na kwa kuwa mpira haukufika tena, walikuwa wameongeza kipande cha mita 3 kwa kuunganisha na bomba la plastiki na kufunga kwa vipande vya tyubu.

Kipimo cha tyubu mdomoni kilionyesha pampu inavuta kwa nguvu. Kwa hiyo hatukuifungua. Tulijaza mpira maji, na kile kiungo kikatoa matone pande zote mbili. Aidha, mpira ulipanda juu ya kichuguu cha udongo kisha kushuka kwenye pampu, na sehemu iliyo juu kuliko mdomo wa pampu hukusanya hewa isiyotoka kirahisi.

Tulikata ncha zilizochakaa, tukaweka kiungo cha chuma chenye mifereji, klipu mbili kila upande. Vijana wakachimba kibaraza ukingoni, mita moja chini ya pale pampu ilipokuwa, mahali pagumu na pa usawa ambapo injini haitainama. Mpira ukalala ukipanda mfululizo kutoka majini hadi pampuni, bila nundu. Kimo kikawa mita 4. Tukajaza, tukawasha, na maji yakatoka kabla ya dakika mbili.

Kiungo kingevuja hivyo hivyo kwenye kimo cha mita 3 na nusu? Ndiyo, lakini huenda pampu ingeshinda. Kila mita unayoongeza inafanya kosa dogo kuwa kubwa.

Kibao cha pampu kinasema inavuta mita 8. Kwa nini unasema mita 5 ni nyingi?

Kwa sababu pampu haiyavuti maji kama kamba. Inatoa hewa kwenye mpira, na hewa ya nje inayokandamiza uso wa mto ndiyo inayoyasukuma maji kupanda. Usawa wa bahari hewa hiyo ina nguvu ya kuinua maji kama mita 10.3 na si zaidi, hata kwa pampu kamilifu. Ukipanda mlimani hewa inapungua. Mji wa Moshi, ulio karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, unabaki na kama mita 9.3. Arusha mjini, karibu mita 1,400, unabaki na kama mita 8.7.

Zile mita 8 za kwenye kibao hupimwa kwenye hali nzuri, usawa wa bahari, pampu na mpira vikiwa vipya. Toa mita moja kwa Moshi, au mita moja na nusu kwa Arusha. Utabaki na 7 au 6 na nusu, kisha toa msuguano wa mpira mrefu, chujio lenye majani, na impela iliyolika kidogo. Ndiyo maana kwa shamba lolote la huku mimi hupanga kimo cha kunyonya kisizidi mita 5, na nikiweza nakiweka 3 au 4.

Upande wa kutolea ni tofauti. Huko pampu inasukuma, na kimo cha mita 15 au 20 hakina shida kwa nyingi zake. Basi ikiwa shamba liko juu, shusha pampu karibu na maji uongeze mpira wa kutolea. Usifanye kinyume.

Tyubu haikushikwa mdomoni. Nifungue nini?

Ondoa waya wa plagi kwanza ili injini isijiwashe, mwaga maji, kisha fungua mdomo wa kunyonyea. Ndani utaona ulimi wa mpira. Ukiwa umejikunja, umepasuka au umebandika wazi kwa uchafu, maji ya tumboni hutoroka kurudi mtoni kila unapozima. Ni kifaa cha bei ndogo, badilisha.

Kisha tazama kati ya pampu na injini, upande wa chini. Jaza tumbo maji na usiwashe. Maji yakichuruzika hapo, sili imeisha. Sili inayotoa maji pampu ikiwa imesimama huingiza hewa inapovuta. Ukiibadilisha, usiguse nyuso zake mbili laini kwa vidole vyenye mchanga au grisi, na usiwashe kabla hujaweka maji.

Gasketi ya kifuniko cha pampu pia huingiza hewa ikiwa imekatika. Usiijaze silikoni nene kwa kukisia, kwa kuwa unene wake unabadilisha nafasi ya impela ndani.

Impela iliyolika nitaitambuaje bila kuifungua?

Kwa namna maji yanavyotoka. Penye uvujaji wa hewa maji hutoka yakikatika na kuwa meupe. Impela iliyolika hutoa maji safi, mfululizo, lakini dhaifu, na pampu ile ile inayofanya vizuri kwenye kimo cha mita 2 hushindwa kabisa kwenye mita 4. Ukiikuta inapokea maji vizuri chini na kukataa juu, na mpira umeshaujaribu, fungua.

Unaweza pia kupima kwa pipa la lita 200. Pampu iliyoandikwa lita 500 kwa dakika ingelijaza kwa sekunde 24 kama hakuna kimo wala mpira mrefu. Shambani tegemea muda mrefu zaidi, kama sekunde 40 hivi kwa kimo kidogo. Ikizidi dakika moja hali chujio ni safi na mafuta yako juu, impela inatiliwa shaka. Bora zaidi, pima siku pampu ikiwa mpya na uandike namba kwa rangi kwenye tangi lake la mafuta.

Ukiifungua, tazama mabawa yake: kingo zilizokuwa kali zimekuwa za mviringo, au zina mashimo. Tazama na ukuta unaoikabili, maana mchanga hula vyote viwili. Nafasi kati ya mabawa na ukuta huwa chini ya milimita 1, na ikipanuka maji yanazunguka ndani badala ya kwenda mbele. Impela mpya kwenye ukuta ulioliwa inarudisha nusu tu ya nguvu, badilisha vyote. Nyuma ya impela huenda kuna washa nyembamba za kuisogeza mbele. Zihesabu na uzirudishe. Baada ya kufunga, vuta kamba ya kuwashia polepole usikie kama impela inakwaruza.

Impela nyingi za pampu hizi zimefungwa kwa nyuzi kwenye shafti. Usigonge mabawa kwa nyundo ili ifunguke, kwa sababu chuma chake ni cha kuyeyusha na huvunjika. Weka kipande cha mbao kwenye bawa na upige kidogo kidogo kwa upande wa kufungulia.

Mpira wa kutolea unaweza kuzuia pampu isivute?

Ndiyo, na wachache hulifikiria. Hewa ya upande wa kunyonya lazima itokee upande wa kutolea. Ikiwa mpira bapa umepanda mlima na umebaki na maji ya jana, au umekunjwa, au koki imefungwa, hewa haina njia. Ondoa mpira wa kutolea, wacha pampu ivute hadi maji yatoke kwa nguvu, zima, unganisha haraka, washa tena.

Nikienda dukani niombe nini?

Beba kifaa cha zamani mkononi: sili, ulimi au impela. Pampu mbili zenye mdomo wa inchi 2 na rangi moja zinaweza kuwa na shafti za unene tofauti, na ukimwambia muuzaji "ya inchi 2" atakupa ile iliyo karibu naye. Linganisha kipenyo cha tundu la shafti, urefu wa mabawa, na upande yanakoelekea. Chukua na washa mbili za ziada za kiungo cha mpira, kwa sababu hizo ndizo zitakazopotea majini.